Jedwali la Nne

Ofisini walimwita Nukta. Jina hilo alipewa na dereva wa idara, siku alipomkuta ameinamia kioo cha kompyuta na rula ya plastiki mkononi, anapima kama nukta za desimali zimesimama kwenye mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Dereva alicheka mpaka akatafuta kiti. "Dada, hizo nukta zinajiandaa kwa gwaride?" Jina likaganda. Baada ya muda hata mkuu wa kitengo alisahau lile la kwenye faili.

Alikuwa mtayarishaji wa ripoti katika idara ya maji ya mji. Mafundi walipima, watu wa maabara walichunguza, wakubwa waliamua, na yeye alikaa katikati akipokea mafaili ya kila mtu na kuyafanya yasomeke. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya pili, kati ya stoo ya mita mbovu na choo cha wafanyakazi, choo cha idara ya maji, ambacho mara nyingi hakikuwa na maji. Wageni walipouliza, wafanyakazi walijibu kwamba mganga hajigangi.

Nukta hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kuhusu majedwali alikuwa na maneno yake. Kichwa cha jedwali kinakaa juu ya jedwali, maelezo ya kielelezo yanakaa chini ya kielelezo. Kipimo kinaandikwa mara moja, kwenye kichwa cha safu, ili msomaji akishuka na tarakimu ajue anasoma nini. Kila jedwali litajwe kwenye maandishi kabla halijatokea, maana jedwali lisilotajwa ni kama mgeni aliyeingia bila hodi. Na namba ya jedwali haiandikwi kwa mkono. Unaiachia kompyuta iiweke, kisha kila unapolitaja jedwali unaunganisha utajo na namba yenyewe, ili jedwali likisogea na utajo usogee.

"Namba niliyoiandika kwa vidole vyangu ni yatima," aliwaambia vijana waliokuja kujifunza kazi. "Mambo yakibadilika hakuna wa kuiambia."

Mwaka ule ripoti kubwa ilikuwa ya visima. Mji ulikuwa na mabomba katikati tu. Pembezoni watu walichota kwenye visima vya pampu za mkono, na kwa muda mrefu kulikuwa na minong'ono kwamba baadhi vina floraidi nyingi, yale madini yanayotia meno madoa ya kahawia na yakizidi sana yanaharibu mifupa. Maabara ilichukua sampuli pande zote mbili, mlimani na bondeni. Kiwango kinachokubalika kilikuwa miligramu moja na nusu kwa lita. Visima vya mlimani vyote vilikuwa chini ya hapo. Vya bondeni vyote vilipita, vingine mara mbili, vingine mara tatu.

Ila maabara ilikuwa na mashine mbili. Ya zamani ilitoa majibu kwa miligramu, mpya kwa mikrogramu, ambayo ni elfu moja ndani ya miligramu moja. Maji ya bondeni yalipimwa kwa ya zamani, ya mlimani kwa mpya. Nukta aligawanya tarakimu zote za mlimani kwa elfu moja, 640 ikawa 0.64, 910 ikawa 0.91, akaandika "miligramu kwa lita" kwenye vichwa vya safu za majedwali yote mawili, akazipanga nukta. Jedwali la 1 lilikuwa idadi ya watu, la 2 aina za pampu, la 3 visima vya mlimani, la 4 visima vya bondeni. Kwenye sura ya mapendekezo aliandika kama mkuu alivyomwagiza: visima vya bondeni vilivyoorodheshwa katika Jedwali la 4 vifungwe mpaka patakapopatikana maji mbadala.

Hapo ndipo jicho lake la kulia, ambalo lilikuwa na mtoto wa jicho, likapata nafasi ya upasuaji aliyoisubiri muda mrefu. Akakabidhi faili kwa mkuu wa kitengo, akaenda.

Mkuu huyo wafanyakazi walimwita Bwana Upesi. Hakuwa mtu mbaya wala mjinga. Alikuwa mhandisi mzuri wa pampu, na alikuwa na wakubwa watatu juu yake waliompigia simu kwa zamu. Nukta akiwa bado amelala na bandeji, simu yake ikalia, mumewe akamshikia sikioni.

"Dada Nukta, pole na jicho. Bodi wanataka jedwali la mvua. Niliweke wapi?"

"Baada ya idadi ya watu, mkuu. Weka kichwa chake kama vile vingine, usiandike namba mwenyewe. Ukimaliza, chagua ripoti nzima, uiambie kompyuta isasishe namba."

Alimsikia akibonyeza. "Eeh, zimebadilika. Pampu sasa ni la tatu. Mlimani la nne. Bondeni la tano."

"Zote?"

"Zote, dada. Pumzika."

Akapumzika. Alilala mchana ule usingizi mzito, na baadaye alisema hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba alilala.

Asichokijua ni kwamba mwenyekiti wa bodi alikuwa ameomba kuisoma sura ya mapendekezo kwenye simu yake, akiwa safarini. Bwana Upesi alimtumia kama ujumbe. Mwenyekiti, mtu aliyependa lugha fupi, alifuta maneno yaliyomwonekea ya ziada. "Visima vya bondeni vilivyoorodheshwa katika Jedwali la 4" aliyaona yanarudia jambo. Jedwali si linajieleza? Akaacha "visima vilivyoorodheshwa katika Jedwali la 4". Akairudisha. Bwana Upesi akainakili kutoka kwenye simu, akaibandika juu ya ile ya Nukta. Ilivyopita kwenye simu, ule uzi uliounganisha utajo na jedwali ulikatika. Nne ilirudi ikiwa tarakimu tupu. Kompyuta ilipoambiwa isasishe namba, ilisasisha vichwa vyote na kuipita ile nne kama jiwe la njiani.

Na si hilo tu. Maabara walileta jedwali jipya la mlimani lililoongezwa visima viwili, na Bwana Upesi alilichukua kama lilivyo, akaliweka mahali pa lile la Nukta. Maabara walikuwa wameandika kipimo kwa maandishi madogo chini ya jedwali. Maandishi hayo hayakunakiliwa. Jedwali likabaki na 640, 910, 1120, bila neno lolote la kusema ni mikrogramu. Kisha mkuu alichora kielelezo cha nguzo kutokana na majedwali hayo mawili. Nguzo za mlimani zilipanda hadi juu ya ukurasa. Za bondeni zilikuwa kama vumbi kwenye mstari wa chini.

Nukta alirudi kazini na miwani ya giza. Dereva alimpokea langoni. "Mwenye macho haambiwi tazama. Sasa wewe tukuambie au tusikuambie?" Walicheka wote wawili. Mezani alikuta nakala ya ripoti iliyopigwa chapa, jalada la bluu, nembo, sahihi tatu. Akaifungua kwa furaha ya mtu anayemwona mtoto wake amevaa sare.

Alisoma majedwali kwanza, kama kawaida yake. Kwenye la nne akasimama. Tarakimu zilikuwa zimebanwa kushoto, 640 chini ya 1120, na safu haina kipimo. Akavua miwani. Akafunua mapendekezo, akasoma sentensi ya mwenyekiti, akarudi nyuma, akasoma tena kichwa: Jedwali la 4: Floraidi katika visima vya mlimani.

Alishuka ngazi akiwa na ripoti kifuani, akaingia kwa Bwana Upesi bila kubisha.

"Mkuu, hii imekwenda?"

"Imekwenda, imepitishwa, na utekelezaji umeanza. Kaa, dada, jicho vipi?"

"Tumefunga visima gani?"

"Vya Jedwali la 4."

"La nne ni mlimani."

Bwana Upesi alitabasamu, kisha tabasamu likapotea polepole. Alichukua ripoti, akafunua huku na huku kwa kidole kilicholowa mate. Nukta alimwonyesha kila kitu bila kupandisha sauti: namba iliyokufa, kipimo kilichopotea, kielelezo kilicholinganisha mikrogramu na miligramu kana kwamba ni kitu kimoja. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Alielewa yote. Hiyo ndiyo shida iliyokuwepo. Hapakuwa na kitu cha kumwelewesha zaidi.

"Nilisasisha," alisema. "Ulisema nisasishe."

"Nilisema, mkuu."

"Na zilibadilika. Niliziona kwa macho yangu."

"Vichwa vilibadilika."

Nje fundi alikuwa anagonga bomba, kong', kong', kong'.

Siku hiyohiyo Bwana Upesi alimpigia mwenyekiti. Nukta alisimama mlangoni akisikiliza upande mmoja wa maneno. Ndiyo, mheshimiwa. Hapana, si maabara. Namba tu, mheshimiwa. Ndiyo, naelewa ilishatangazwa redioni. Ndiyo. Sawa. Alipoikata simu akaeleza: ripoti iliyopitishwa na bodi haibadilishwi na ofisi, inabadilishwa na bodi. Bodi itakaa robo ijayo. Wakati huo waandike sahihisho.

Nukta aliandika sahihisho, ukurasa mmoja. Aliweka jedwali la mlimani na la bondeni yakiwa yametazamana, kipimo juu ya kila safu, nukta mstari mmoja, na sentensi moja chini: Panaposomeka Jedwali la 4 katika mapendekezo, pasomeke Jedwali la 5. Mkuu alitia sahihi. Masjala wakagonga muhuri wa kupokelewa, wakaweka nakala nyuma ya kila ripoti iliyobaki ofisini. Zilizokwisha toka hakuna aliyezifuata.

Dada yake mkubwa aliishi mlimani. Jumamosi Nukta alipanda kumwona. Njiani alipita kisima kilichokuwa kikihudumia mtaa ule. Mkono wa pampu ulikuwa umeng'olewa, mnyororo umezungushwa kwenye shingo ya chuma na kufuli jipya linang'aa. Bango la bati lilisema: MAJI HAYA NI HATARI. Fundi wa pampu, mtu wa idara aliyemfahamu Nukta tangu ujana, alikuwa pale akimalizia kupaka rangi nguzo za bango.

"Kaka, hiki ni kizima," Nukta alimwambia. "Walikosea jedwali."

Fundi alifuta brashi kwenye majani. "Nilishangaa. Maji haya nimeyanywa miaka yote. Lakini nikaona tarakimu, dada. Elfu moja na kitu. Kule bondeni tatu, nne. Hata mtoto wa chekechea angejua ipi kubwa."

"Si kipimo kimoja."

"Haikuandikwa."

"Haikuandikwa," Nukta alikubali. "Huwezi kufungua?"

Fundi alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, amri ya kazi, yenye orodha na muhuri. "Niletee nyingine kama hii iseme fungua, nafungua sasa hivi, hata rangi haijakauka. Nikifungua bila karatasi, kesho kufuli nitafungwa mimi." Alimwangalia kwa huruma. "Usinikasirikie."

Hakumkasirikia. Alichosema fundi kilikuwa sahihi, na alichosema Bwana Upesi kilikuwa sahihi, na hata mwenyekiti, ukimsikiliza, alikuwa na sababu zake. Tangazo likitoka leo la kusema tulikosea, kesho nani ataamini tangazo lolote la maji? Kila mlango aliobisha ulifunguliwa vizuri, akakaribishwa, akapewa kiti, akaondoka na mikono mitupu.

Alimkuta dada yake uani anakausha madumu. Walisalimiana, wakaulizana habari za jicho, za watoto, za mume. Binti mdogo wa dada, aliyeanza kuota meno ya mbele ya ukubwani, alionyesha pengo lake.

"Maji mnachota wapi siku hizi, dada?"

"Bondeni. Ni mbali, lakini kule serikali imesema ni safi."

Nukta alikaa kwenye kigoda. Akaeleza. Alieleza pole pole, kama anavyoeleza kazini, mpaka dada akaacha kufuta dumu.

"Yaani unaniambia tumeacha mazuri tukafuata mabaya?"

"Ndiyo."

"Na hiyo ripoti ni ile uliyokuwa unaiandaa wewe? Ile uliyotuambia kwenye msiba wa shangazi?"

"Niliiandaa vizuri, dada. Nilipokuwa hospitali ndipo—"

"Sikuulizi nani kakosea, mdogo wangu. Nakuuliza nichote wapi."

Mtaani kwake yeye mabomba yalitoa maji siku mbili kwa wiki. Jumamosi iliyofuata alimkodi mwenye pikipiki akapandisha madumu mawili. Dada alishukuru, akagawia na jirani mwenye mtoto mchanga, na kabla wiki haijafika katikati yalikuwa yamekwisha. Akapeleka tena. Alizungumza pia na akina mama kwenye foleni ya bondeni, akawaambia maji yale wasiwape watoto. Walimsikiliza kwa adabu. Mmoja akamuuliza kama ana karatasi. Alikuwa nayo, lile sahihisho. Mama yule aliligeuza huku na huku. "Hapa mmeandika panaposomeka la nne pasomeke la tano. Sisi la nne hatujaliona, la tano hatujaliona. Tunaona kufuli." Akamrudishia karatasi, akavuta dumu lake mbele kwa mguu, maana foleni ilikuwa imesogea.

Bodi ilikaa robo iliyofuata. Nukta hakuwa mjumbe, lakini alipangwa chumba cha pili kugawa makabrasha. Aliwasikia kupitia mlango wa kukunja. Sahihisho lilikuwa jambo la mwisho kwenye ajenda. Mjumbe mmoja aliuliza kama namba moja tu inaweza kuleta yote haya. Bwana Upesi akajibu inaweza, akasema kosa ni lake. Alilisema wazi, na Nukta alimheshimu kwa hilo. Mwenyekiti akapendekeza busara: visima visibishaniwe kwenye karatasi, maji yake yapimwe upya. Wote wakaona ni neno la hekima. Maabara wakaagizwa. Maabara wakajibu kwamba dawa za kipimo zimekwisha na zimeagizwa nje.

Dawa zilifika mvua zikiwa zimeshapita. Majibu yakatoka yaleyale. Safari hii Nukta alikuwepo, akaandaa kurasa mwenyewe kuanzia ya kwanza, na alipomaliza aliifunga faili kwa namna ambayo mtu angeweza kuisoma tu bila kuigusa. Mwenyekiti akaomba atumiwe mapendekezo kwenye simu. Bwana Upesi akamwangalia Nukta. Wakamtumia ripoti nzima kama picha za kurasa, akalalamika kwamba maandishi ni madogo, akaidhinisha.

Fundi alipata karatasi yake ya kufungua. Alipanda mlimani na funguo, akafungua kufuli za visima vyote. Lakini pampu zilizokaa kavu muda ule zilikuwa zimekufa mipira ya ndani, na mikono iliyong'olewa mingine haikuonekana stoo. Vitatu tu vilitoa maji. Kisima cha mtaa wa dada yake hakikuwa mojawapo. Kiliandikiwa maombi ya vipuri. Bondeni nako hakikufungwa hata kimoja, kwa sababu visima vya bondeni sasa vilihudumia pande zote mbili, na bodi iliona huwezi kufunga maji ya watu wengi kiasi hicho bila mbadala. Mbadala uliwekwa kwenye mpango wa mwaka unaofuata.

Nukta alimpelekea dada yake habari hizo mwenyewe. Alifika jua likiwa kali, amepanda kwa miguu kwa sababu mwenye pikipiki alikuwa ameharibikiwa, na safari hii hakuwa na madumu. Walikaa kibarazani. Dada alisikiliza, akaitikia eeh, eeh, kama mtu anayesikiliza habari za mji wa mbali. Nukta alipomaliza, dada aligeukia mlango. Alimwita binti.

"Mletee mama mdogo maji, amechoka na jua."

Binti alitoka na kikombe cha bati kilichojaa hadi ukingoni, akipiga hatua ndogo asimwage, akampa kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Maji yalikuwa maangavu kabisa. Nukta alijua yametoka wapi. Alijua na tarakimu yake, na nukta yake ilipo. Dada alikuwa anamtazama, na mtoto alikuwa anasubiri kikombe.

Akanywa, akayamaliza, akasema ahsante.